Ukihesabu 12 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko umbali gani?

"Wakuu, niko Moshi. Jana jioni radi ilimulika upande wa mlimani, nikahesabu mpaka 12 ndipo ngurumo ikasikika. Ina maana ilikuwa kilomita 12? Na mbona nyingine zinamulika bila kulia?"

Hapana mkuu, ilikuwa kama kilomita 4. Gawanya kwa 3. Mwanga unakufikia papo hapo, ila sauti inakwenda kama meta 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita inaichukua karibu sekunde 3.

Vyote viwili vinazaliwa pamoja. Juu ndani ya wingu, kwenye baridi kali, chembe nyepesi za barafu zinagongana na punje nzito za mvua ya mawe. Chembe nyepesi hupanda na chaji chanya, punje nzito hubaki chini na chaji hasi. Chaji ikizidi, umeme unapasua hewa, na njia unayopita inafikia karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi kufumba na kufumbua. Hewa hiyo inatanuka kwa kishindo, na hicho kishindo ndicho ngurumo.

Sasa, njia yenyewe ina urefu wa kilomita kadhaa. Sauti ya kipande kilicho karibu nawe inatangulia, ya vipande vya mbali inafuatia, ndiyo maana ngurumo huburuzika. Wewe simamisha hesabu kwenye mlio wa kwanza kabisa, usisubiri ule mkubwa. Na kama huna saa, sema "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" kwa mwendo wa kawaida, maana ukitaja namba tupu utakimbia tu.

Kosa linalowaponza wengi masika ni kuoanisha ngurumo na mwanga usio wake. Mwanga wa pili ukimulika kabla ya wa kwanza kulia, tupa hesabu hiyo, subiri utulivu uanze upya.

Zile za kimya ni za mbali tu. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Hewa ya juu ikiwa baridi kuliko ya chini, sauti hupinda kuelekea angani, hivyo ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 15 hadi 20. Mwanga unauona, sauti inapita juu ya kichwa chako.

Ila hesabu inakuambia radi iliyopita ilikuwa wapi, haikuambii ijayo itapiga wapi. Radi inaweza kupiga kilomita 10 nje ya mvua, penye anga jeupe kabisa. Kwa hiyo ukipata sekunde 30 au pungufu, ingia kwenye nyumba ya kweli au gari lililofungwa vioo, si chini ya mwembe wala kibanda cha stendi. Kaa humo dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikilia tena, anza dakika zako upya. Kwa ile 12 yako, ulitakiwa uwe ndani zamani.