Thamani za vigae na miraba ya bonasi: anza na kanuni ya vitenzi

Unapotengeneza Scrabble ya Kiswahili, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, kabla ya kugawa pointi amua kama vitenzi vyenye viambishi, mfano "anasoma", vitakubalika, au ni "soma" peke yake. Uamuzi huu ndio unaobadilisha hesabu yote. Ukiruhusu viambishi, W, N, T, L na K zinahitajika karibu kila zamu kwa sababu ndizo zinazobeba wa-, na-, ta-, li- na ku-. Kunakili thamani za Kiingereza, ambako W ina pointi 4 na K pointi 5, ni kugawa pointi za bure.

Hesabu herufi kwenye orodha ya maneno yanayokubalika, kila neno mara moja. Ukihesabia makala, "ya", "wa" na "kwa" yanajirudia kila mstari na kuzipandisha Y na W kupita kiasi, ilhali kwenye orodha "ya" ni neno moja tu.

Kwa vigae 100, anzia irabu 48, A zikiwa 18, na vigae vitupu 2. Silabi nyingi huishia na irabu, kwa hiyo zikipungua mchezaji anakwama na konsonanti mkononi. Q na X ziondoe. C haitumiki bila H, basi ifanye CH kuwa kigae kimoja. SH usiiunganishe: S na H zipo tayari peke yake, na mtabishana kama "shika" ni vigae vitano au vinne.

Miraba ndiyo inayosumbua zaidi. Chukua ubao wa kawaida wa 15 kwa 15, wenye mraba wa neno mara tatu mwanzoni mwa mstari wa 8. Mchezaji wa kwanza anaweka ANASOMA kuanzia safu ya 2 hadi ya 8, katikati ya ubao. Tuseme S na O ni pointi 2, zilizobaki ni 1: jumla 9. Mraba wa herufi mara mbili chini ya A ya pili unaongeza 1, na mraba wa kati unazidisha mara mbili: 20, bila bonasi ya kumaliza vigae vyote saba. Mwenzake anaweka W safu ya 1. WANASOMA ni pointi 10, mara tatu ni 30, kwa kigae kimoja cha pointi 1!

Kupandisha bei ya W hakusaidii, kunazidisha tatizo. Badilisha mraba huo, na ule wa juu kwenye safu ya 8, uwe wa herufi mara tatu. Hapo W inaleta 12. Ncha za kulia na chini za mistari hiyo miwili ziache zilivyo, kwa kuwa viambishi vya mwisho vinavyoongezwa bila kugusa herufi zilizopo, kama -ni ya "nyumbani", ni vichache. Lakini usiiguse miraba mingine kabla ya kucheza michezo kadhaa huku ukiandika kila zamu ya kigae kimoja iliyopata zaidi ya 20, na mraba ilikotokea.