Kosa la Courbet lilikuwa ukubwa wa turubai

"Wakuu, kuchora vibarua na mazishi ya kijijini kuna ubaya gani hata Paris nzima ikapiga kelele?"

Mkuu, watu wa kawaida walichorwa tangu zamani, ila kwenye picha ndogo za kutundika sebuleni. Turubai kubwa zilitengwa kwa miungu, wafalme na vita vya kale.

Gustave Courbet, mchoraji Mfaransa, aliamini msanii achore zama zake, kile anachokiona kwa macho. Katika maonyesho rasmi ya Paris ya 1850–51 akaleta mazishi ya kwao Ornans kwenye turubai ya zaidi ya mita 3 kwa 6. Wenyeji halisi zaidi ya 40 wamesimama humo, karibu na ukubwa wa mtu kamili. Shujaa hayupo. Hata marehemu hatajwi. Kaburi limekatwa na ukingo wa chini wa picha, kana kwamba wewe mtazamaji umesimama mdomoni mwake. Kwangu hapo ndipo penye nguvu yote.

Wahakiki wakalalamikia ubaya wa sura, hasa pua nyekundu za watumishi wa kanisa. Lakini kumbuka mapinduzi ya 1848 yalikuwa yametoka kuwapa wanaume wote wazima kura, na matajiri waliwaogopa watu wa chini. Kwenye maonyesho hayo hayo Courbet alileta picha nyingine, ya wavunja mawe wawili, mzee na kijana, nguo zimechanika, nyuso zimefichika. Aliwakuta barabarani, akawaita waje awachore. Picha hiyo iliteketea vitani mwaka 1945. Ya mazishi bado iko Paris, kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay.