Usisaini bado: jina kwenye kopi ya swifti umeliandika mwenyewe

"Salamu wana jukwaa. Kesho saa tatu nasaini kutuma dola 8,200 Dubai, kulipia matairi. Muuzaji kaniletea akaunti mpya kwa imeili, anasema ya zamani iko kwenye ukaguzi. Benki hapa Unguja wamenichapia nakala ya swifti, ule ujumbe wa malipo, niihakiki na jina la kampuni liko sawasawa. Nihakiki nini zaidi: namba, makato ya benki za kati, reti? Na pesa huchukua siku ngapi kufika?"

Yakhe, weka kalamu chini. Hiyo "ya zamani iko kwenye ukaguzi" nimeisoma mie mwenyewe, kwa maneno hayo hayo, na iligharimu dola 11,400.

Mie niko Chake, Pemba. Naleta spea za gari kutoka Deira, huko huko Dubai, na yule muuzaji nilikuwa nimeshafanya naye biashara mara sita. Mara ya saba ikaja profoma kwa imeili: nembo yake, sahihi yake, hata kosa lake la kawaida la kuandika jina langu. Chini akaunti mpya. Sikushituka. Nikapanda boti, nikashuka Malindi hapo Unguja, nikaenda benki moja ambayo siitaji kwa sababu sitaki kesi juu ya hasara. Nikajaza fomu, nikachapiwa karatasi kama hiyo yako, nikaangalia jina. Jina liko herufi kwa herufi. Nikasaini huku najiona mfanyabiashara makini.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ulipokaa wewe. Lile jina kwenye nakala halikutoka benki ya Dubai. Hakuna mtu kule aliyefungua daftari akasema naam, akaunti hii ni ya fulani. Umeliandika wewe kwenye fomu, karani kalinakili, mashine imekurudishia. Kulilinganisha na fomu yako ni sawa na kujiangalia kwenye kioo ukasema mmefanana. Pesa ikifika upande wa pili, benki nyingi mfumo wao unaingiza kwa namba. Jina laweza kuwa la kampuni ya Deira na namba ikawa ya mwizi, na pesa ikaingia kwa mwizi bila hata kengele kulia.

Na mie niliuliza! Nilimuuliza ofisa pale dirishani, "Kama namba si yake itakuwaje?" Akanijibu, bila kuinua macho, "Mzee, jina lisipolingana pesa inarudi yenyewe. Na mfumo umeshaikubali namba." Namkumbuka kila nikila chakula cha usiku. Mfumo kuikubali namba maana yake ni ndogo sana: zile tarakimu mbili baada ya herufi za nchi kwenye IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, ni za hesabu, zinakamata mtu aliyekosea kubofya. Mwizi hakukosea kubofya. Akaunti yake ilikuwa nzima, ya kweli, ila yake.

Karatasi yenyewe ilikuwa inapiga kelele. Hivi ndivyo ilivyosomeka, namba nimezifunika:

```
:33B:USD11400,00
:57A:****PL**
:59:/PL**************************
(jina la muuzaji wangu)
:71A:SHA
```

Mstari wa :59: ndio mpokeaji, namba yake kwanza kisha jina. IBAN ya Emirati huanza na AE na ina herufi na tarakimu 23 jumla. Hii yangu ilianza na PL na ilikuwa na 28. Juu yake, :57A: ni benki inayoshika akaunti ya mpokeaji. Kwenye msimbo wake wa swifti, herufi ya tano na ya sita ndizo nchi. PL tena. Polandi! Jamaa anauza klachi Deira, akaunti yake inafanya nini Polandi, anaogopa joto? Na miwani nilikuwa nayo puani, msiniulize.

Nilijua siku ya tano, aliponipigia mwenyewe kuuliza mbona kimya. Imeili yake ilikuwa imeingiliwa. Nikarudi benki, wakatuma ujumbe wa kuomba pesa irudi. Kuomba, yakhe, si kuamuru. Pesa ikishaingia kwenye akaunti ya mtu, benki ya kule kwa kawaida inataka ridhaa ya mwenye akaunti kabla ya kuirudisha, na mwenye akaunti kwangu mie alikuwa ndiye mwizi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu kasoro: hakuna salio. Yule ofisa safari hii aliinua macho, akanionesha mstari wa maandishi madogo nyuma ya fomu: usahihi wa namba ni juu ya mteja. Ule mstari haukuwa mdogo tena siku hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi leo, usingoje kesho. Chukua nakala ya benki mkononi, ile nakala yenyewe, si profoma. Mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya imeili hii kuja: ya kwenye risiti ya zamani, au ya kadi aliyokupa. Usitumie namba iliyo kwenye profoma mpya, maana atapokea mwizi, na atakuwa na adabu kuliko wewe. Ukimpata, usimsomee akaunti ukauliza "ndiyo hii?" Mtu ana wateja dukani, ataitikia tu. Mwambie akusomee yeye, tarakimu moja moja, na wewe ufuate kwa kidole kwenye :59:. Kisha akutajie benki gani na nchi gani, ulinganishe na :57A:. Asipopokea, usisaini, pesa hailali nje. Akisema wasapu inatosha, haitoshi. Anayeweza kuandika imeili yake anaweza kuandika na wasapu. Sauti unayoijua, namba unayoijua, akaunti asome yeye.

Huenda kweli kahama benki. Wafanyabiashara huhama. Simu itakugharimu shilingi ngapi?

Makato: tazama :71A:. Ikiwa SHA, wewe unalipa benki yako, na benki za kati zinamega njiani kwenye ile ile 8,200, kwa hiyo muuzaji anapata pungufu na atakudai. Ikiwa OUR, gharama zote umezibeba wewe. Nakala yako haitaonesha kilichomegwa baada ya pesa kutoka hapa, kwa hiyo omba UETR, ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake, benki ifuatilie nayo.

Reti usiipokee kwa mdomo. Gawa shilingi walizokata, ukitoa ada, kwa dola zilizotumwa. Mie niliambiwa 2,620. Walikata 30,210,000, gawa kwa 11,400 ni 2,650. Laki tatu na arubaini na mbili elfu zimekwenda na maji, lakini kwa msiba nilionao hata sikuzililia.

Umeshampigia? Andika hapa kabla ya saa tatu kasoma nini, herufi mbili za mwanzo tu zatosha. Isipoanza na AE, nakuja na boti ya asubuhi kukunyang'anya kalamu.