Gauni la samaki: chora juu ya picha kabla hujagusa mkasi

"Bibi harusi ananiletea picha ya mtandaoni, nakata, halafu siku ya kujaribu anasema sivyo alivyotaka. Mnafanyaje kabla ya kukata?"

Mdogo wangu, mimi nilijifunza kwa kuharibu mita tano za satini nikiwa na miaka 23. Tangu hapo simshonei mtu kabla sijampiga picha.

Mteja huvaa nguo ya kubana, na viatu vyenyewe vya harusi, asimame wima. Simu naiweka usawa wa nyonga zake, mimi nikiwa hatua nne au tano mbali. Ukimpiga kwa karibu simu ikiwa usawa wa uso, miguu inatoka mifupi na kila utakachochora kitakudanganya. Kisha naichapisha picha, sentimita 1 ya karatasi iwe sentimita 10 za mwili.

Wa mwisho alikuwa na urefu wa sentimita 158, na viatu 166, kwa hiyo kwenye karatasi alitoka 16.6. Alitaka gauni la samaki kama la yule mwanamitindo wake, mrefu kama mnazi, linalochanua chini ya magoti. Nikaweka karatasi ya mafuta juu ya picha, nikachora hivyohivyo: mchanuo ukaanzia sentimita 36 kutoka sakafuni. Mwenyewe akacheka, akasema, "Dada, mbona nimekuwa chupa?" Mwili ulionekana wote kiwiliwili, na mkia kipande tu. Karatasi ya pili nikapandisha hadi 62, juu kidogo ya goti, na kiuno nikakipandisha sentimita 3. Hapo akanyamaza, akaita mama yake aje aone.

Lakini picha ni bapa. Inakuonyesha mstari uangukie wapi, haikwambii upana. Kwa hiyo nilimfunga futi ya kupimia pale pale kwenye 62, nikaiacha iteleze mkononi mwangu huku akipiga hatua, akipanda ngazi, akikaa. Akiwa amesimama ilisoma 84. Kwenye ngazi ikafika 97. Ningekata kwa kipimo cha kusimama angeingia ukumbini kwa kurukaruka. Hatimaye tulichanua juu zaidi kidogo ili nipate nafasi hiyo bila kulegeza nyonga.

Na satini haikatwi bado. Nashona kwanza ganda la marikani, kwa mishono mirefu inayofumuka upesi, maana mchoro hauonyeshi kitambaa kinavyokunjana chini ya makalio. Marikani nayo ni kavu, satini itaanguka kwa uzito zaidi, hivyo pindo naliacha refu na kulikata baada ya gauni kuning'inia usiku mzima.

Kosa langu safari hii? Sikumpiga picha ya mgongo. Lesi ya nyuma niliipanga kwa macho, maua yakakatika katikati ya zipu, nikafumua yote usiku wa kuamkia kitchen pati.