Zipu ya chuma si shahada ya umri

Swali: "Nimeokota gauni Kongowea, lina zipu ya chuma mgongoni. Muuzaji ameniapia ni la miaka ya hamsini. Naweza kumwamini?"

Dada, kiapo cha muuzaji muachie mwenyewe. Zipu za chuma zimetiwa kwenye magauni tangu miaka ya thelathini, na ingawa zile za naironi zilianza kuzipiku miaka ya sitini, za chuma hazikutoweka siku moja. Kwa hiyo zipu inakuambia gauni haliwezi kuwa la kabla ya lini. Lilishonwa lini hasa, hiyo haiwezi kukuambia. Ukipima umri wa nguo, tafuta kitu kipya kuliko vyote ndani yake, maana nguo haiwezi kuwa kongwe kuliko kitu hicho, isipokuwa kama kilitiwa baadaye.

Na hapo kwenye "baadaye" ndipo penye kazi. Geuza gauni ndani nje, ulipeleke dirishani. Zipu iliyobadilishwa huacha mstari wa pili wa matundu ya sindano kando ya mshono mpya, na utepe wake unakuwa haujapauka sawa na kitambaa. Chomoa kipande kidogo cha uzi wa zipu na kingine cha mshono wa ubavuni, uvichome mbali na nguo. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka ikawa kijidonge kigumu. Nyuzi zikitofautiana, shuku mkono wa fundi. Kutu usiihesabu kabisa: kwa hewa hii yetu ya chumvi, zipu hushika kutu ndani ya kabati ikaonekana ya babu.

Sasa nikueleze gauni langu, la pamba yenye maua, nililolitoa kwenye belo miaka kadhaa nyuma. Zipu ya chuma mgongoni, matundu mstari mmoja, uzi ule ule kila mahali. Kingo za mishono ndani zilikatwa kwa mkasi wa meno, hazikupigwa ovaloki. Ukataji huo ulikuwa wa kawaida sana miaka ya arobaini na hamsini, nami nikaanza kuota bei ya gauni la miaka ya hamsini. Lakini mkasi wa meno uliendelea kutumika, na mshonaji wa nyumbani anao hadi leo, kwa hiyo bado sikuwa na kitu.

Lebo ndiyo iliyoniamulia. Ilikuwa na herufi RN na namba 29480. Hiyo ni namba ya usajili ambayo serikali ya Marekani huwapa watengenezaji na wauzaji wa nguo, na mfululizo unaoanzia 13670 ulianza kutolewa 1959. Kuna hesabu ya makadirio ambayo wakusanyaji huitumia:

```
(29480 - 13670) / 2635 + 1959 = 1965
```

Angalia vizuri: huo ni mwaka kampuni iliposajiliwa. Kampuni hiyo hiyo ingeweza kushona miaka 20 mbele kwa namba ile ile. Lakini hamsini imeshakufa hapo.

Nikatafuta kikomo cha upande wa pili. Kuanzia Julai 1972, sheria ya Marekani ilitaka nguo ziwe na lebo ya kudumu ya maelekezo ya kufua. Langu halikuwa nayo. Kwenye mshono kulikuwa pia na lebo ya chama cha wafanyakazi, ILGWU, yenye AFL-CIO, rangi moja ya buluu. AFL na CIO, mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi vya Marekani, ziliungana 1955, na lebo ya ILGWU ya nyekundu, nyeupe na buluu ilikuja 1974. Kila kitu kikakaa pahali pake: kati ya 1965 na 1972, nikaliuza kama la mwisho wa miaka ya sitini.

Kutokuwepo kwa lebo ya kufua kumewahi kunitia aibu, lakini. Gauni lingine nililiuza kwa mteja wa Nyali kama la kabla ya 1972, akanirudishia wiki ile ile. Alikuwa amepapasa mshono wa ubavu wa kushoto akakuta kisiki cha lebo iliyokatwa kwa mkasi, upana wa ukucha tu, kimebanwa kati ya vitambaa viwili. Mtu aliyewahi kulivaa alikuwa akiwashwa nayo. Nilirudisha pesa, na tangu siku hiyo napitisha kidole kwenye mishono yote kabla ya kufungua mdomo.

Basi papasa ubavu na shingo ya gauni lako kwanza, halafu utafute namba ya RN. Ukikosa lebo, kisiki na hata matundu ya lebo iliyobanduliwa, huenda lilishonwa nyumbani, na hapo zipu haisemi mengi: mshonaji huweza kuweka zipu ya chuma kwenye kopo la vifungo miaka 15 ndipo aitumie.