Saa ya dawa ya influenza huanza kuhesabiwa kabla hujafika hospitali

Juzi nimepokea ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja wa Tanga. Mama yake ana miaka 68 na anaishi na kisukari mwaka wa 15 sasa. Jumatatu saa 3 usiku alianza kutetemeka, mwili mzima ukauma, kikohozi kikavu kikaanza, joto likafika 39. Jumanne saa 4 asubuhi walimpeleka kituo cha afya, akapimwa malaria, hakuna kitu. Wakapewa amoksilini na parasetamoli, wakarudi nyumbani. Jumatano na Alhamisi waliambiwa waipe dawa muda ifanye kazi. Ijumaa saa 9 alasiri mama akawa anapumua kwa shida, wakakimbia hospitali, akawekewa oksijeni, kipimo kikaonyesha influenza A, akaanzishiwa oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza.

Dada ana maswali matatu. Dawa hiyo si inasemekana haifai baada ya saa 48, sasa mbona wamempa siku ya nne? Kwa nini kapewa kapsuli za miligramu 30, dozi ya mtoto? Na la tatu, wifi yake ana mimba ya miezi saba na alikuwa analala chumba cha pili. Afanyeje?

Dada, pole sana. Nayajibu hapa hadharani kwa sababu najua nyumba nyingi zimepita njia hiyo hiyo, na nyingine zitapita.

Tuanze na kazi yenyewe ya dawa. Virusi vya influenza huingia kwenye seli za njia ya hewa na kuzigeuza kiwanda. Virusi vipya vikishatengenezwa hubaki vimenata juu ya ile seli, vimeshikwa na aina ya sukari iliyopo kwenye ngozi yake. Ili viachie na kwenda kushambulia seli ya jirani, vinatumia kimeng'enya kinachokata ule mnato kama mkasi. Oseltamivir huuziba mkasi huo. Virusi vinatengenezwa, ila vinabaki vimenasa pale pale.

Hapo ndipo siri ya muda ilipo. Dawa hii haitibu seli iliyokwisha kuharibika na haishushi uvimbe uliokwisha kuingia kwenye mapafu. Inazuia msambao tu. Kwa mtu mzima virusi huongezeka kwa kasi na kufikia kilele ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, kisha kinga ya mwili huanza kuvipunguza yenyewe. Ukiziba mkasi saa ya 13, umeokoa seli nyingi mno. Ukiuziba saa ya 90, msambao mkubwa umeshapita. Utafiti mmoja uliochapishwa 2003 ulilinganisha walioanza ndani ya saa 12 na walioanza saa ya 48: wa kwanza walipona mapema zaidi kwa takriban siku 3. Dawa ile ile, dozi ile ile, tofauti ni saa tu.

Na saa hizo zinahesabiwa tangu dalili ya kwanza. Hapa ndipo watu wanapokosea sana. Daktari akiuliza "umeanza lini kuumwa?", mgonjwa hutaja siku aliyozidiwa. Kwa mama huyu hesabu ilianza Jumatatu saa 3 usiku, alipotetemeka, kwa hiyo saa 48 ziliisha Jumatano saa 3 usiku. Jumanne asubuhi pale kituoni alikuwa saa ya 13. Ijumaa alasiri alikuwa saa ya 90.

Kumpima malaria Jumanne halikuwa kosa. Kwetu homa kali lazima ipimwe malaria, na hata ikikutwa haiondoi uwezekano wa influenza, kwani mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kosa ni kile kilichofuata: malaria haipo, basi antibayotiki. Amoksilini haigusi kirusi hata kidogo. Kilichohitajika pale ni swali moja tu: mama wa miaka 68 mwenye kisukari, homa ya ghafla, kikohozi kikavu, mwili kuuma, je, hii si influenza? Na kama kipimo cha haraka cha influenza hakipo, au kipo na kimesema hakuna, bado dawa ingeweza kuanza. Vipimo vile vya haraka vya kupaka pua hukosa wagonjwa wengi, hata karibu nusu kwa baadhi ya aina. Jibu la "ipo" unaweza kuliamini, hasa msimu wa mafua ukiwa umepamba moto. Jibu la "haipo" kwa mtu wa hatari halitoshi kumnyima dawa, na kusubiri majibu ya maabara kubwa kwa siku mbili ni kuzila zile saa zenyewe.

Sasa, mbona Ijumaa wamempa? Kwa sababu saa 48 si mlango unaofungwa. Zilitokana na namna majaribio yalivyofanywa: waliandikishwa watu wazima wenye afya, wanaoumwa nyumbani, ndani ya siku mbili za mwanzo. Mgonjwa aliyelazwa kwa influenza ni habari nyingine. Kwake virusi huendelea kuzaliana kwa siku nyingi zaidi, hasa akiwa mzee au kinga yake ikiwa dhaifu, na bado kuna kitu cha kuokoa. Ndiyo maana miongozo inaelekeza kuanza dawa kwa aliyelazwa hata kama amechelewa. Faida ni ndogo kuliko ya Jumanne, lakini ipo. Walichofanya ni sahihi, dada, usiwalaumu kwa hilo.

Nani basi anufaike kwanza? Niseme ukweli ambao wauza dawa hawapendi kuusema. Kijana wa miaka 30 asiye na ugonjwa wowote akinywa oseltamivir mapema atapona mapema kwa muda usiozidi siku moja hivi, na huenda akalipia siku hiyo kwa kichefuchefu na kutapika. Kwamba inamzuia kulazwa, ushahidi ni hafifu, kwa kuwa kijana huyo hakuwa karibu na kulazwa tangu mwanzo. Alale, anywe maji, ameze parasetamoli, akae mbali na bibi yake.

Wanaohitaji ni wale ambao influenza kwao hushuka kwenye mapafu au huamsha ugonjwa mwingine: wazee wa miaka 65 na kuendelea, watoto wadogo hasa chini ya miaka 2, wajawazito na waliojifungua ndani ya wiki mbili, wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo, figo au selimundu, wenye VVU na wengine ambao kinga yao imeshuka. Mama wa dada yetu yumo mara mbili, kwa umri na kwa kisukari.

Wataalamu hawako sawa kuhusu dawa ipi kwa mtu wa hatari ambaye bado hajazidiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unapendekeza baloxavir, dawa nyingine ya virusi hivyo, dozi moja tu ya kumeza, na oseltamivir wanaiweka kwa wenye influenza kali. Marekani wanaruhusu zote mbili. Maoni yangu ni kwamba kwetu ubishi huo mara nyingi humalizwa na rafu ya duka la dawa, kwani baloxavir ni nadra kuipata, na oseltamivir yenyewe si kila duka linayo. Kama nyumbani una mzee au mjamzito, piga simu madukani leo ujue nani anayo, kabla hakujawa na mgonjwa. Simu hiyo ya dakika tano ndiyo itakayookoa nusu siku ya kuzunguka mjini na cheti mkononi.

Swali la pili, la miligramu 30. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5, yaani kapsuli 10. Lakini oseltamivir hutolewa mwilini kupitia figo, na kisukari cha miaka 15 huzichosha figo. Katika ujumbe wake dada ametaja karatasi ya maabara inayosoma 42 kwenye uwezo wa figo kuchuja. Kati ya 30 na 60, dozi ya matibabu hushuka kuwa miligramu 30 mara mbili kwa siku. Chini ya hapo, kati ya 10 na 30, huwa miligramu 30 mara moja kwa siku. Figo zilizochoka zinaichelewesha dawa mwilini, hivyo hiyo 30 inamfanyia kazi kama 75 kwa mwingine. Ni kweli 30 ni dozi ya mtoto wa kilo 15 au pungufu aliyetimiza mwaka, lakini kwa mama sababu ni tofauti kabisa. Aliyepanga dozi ile aliisoma karatasi ya figo, na nimefurahi kuona hivyo.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya siku 5, ammalizie. Saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, baada ya kula chochote, hata uji, kwa sababu chakula husaidia kupunguza kutapika. Akishindwa kumeza kapsuli, ifunguliwe, unga uchanganywe na kijiko cha kitu kitamu, ale wote palepale. Asiache siku ya tatu kwa kuwa homa imeshuka, na zisibakizwe mbili za akiba kwa jirani. Mwangalieni pia hivi: akipata nafuu, kisha homa ikarudi na makohozi yakabadilika rangi, hiyo inaweza kuwa nimonia ya bakteria imepanda juu ya influenza. Hapo antibayotiki ndiyo yenye kazi, na arudishwe siku hiyo hiyo.

Sasa wifi. Mimba ya miezi saba imeshasukuma mapafu juu na kuupa moyo kazi ya ziada, kwa hiyo ni mtu wa hatari hata kama hajawahi kuumwa. Baloxavir haishauriwi kwa mjamzito. Oseltamivir ndiyo inayotumika, na imetumika kwa wajawazito wengi. Kwa kinga, dozi ni miligramu 75 mara moja kwa siku, siku 7 hadi 10 kufuatana na mwongozo wa mahali, na inapaswa kuanza ndani ya saa 48 tangu alipokuwa karibu na mgonjwa mara ya mwisho. Mama alitoka nyumbani Ijumaa saa 9 alasiri, kwa hiyo dirisha la wifi linafika Jumapili saa 9 alasiri. Ujumbe wako umeingia Jumamosi jioni na nilikujibu usiku ule ule kwamba aende kliniki kesho yake asubuhi na karatasi ya majibu ya mama. Daktari anaweza kumpa kinga, au akaamua amwangalie tu, na yote mawili yanakubalika. Lisilokubalika ni kusubiri akianza kutetemeka. Akitetemeka, hata kama ni usiku wa manane, apelekwe, na kama alishaanza ile ya mara moja kwa siku, aseme wazi, kwa sababu ya matibabu ni mara mbili.