Maswali na majibu: laini ikipiga shoti, rota inakimbia kiasi gani?

Wiki hii maswali mengi yamekuja kwa jambo moja, jenereta na shoti, kwa hivyo nimeyapanga yafuatane na mfano nitakaoutumia ni uleule toka juu hadi chini.

"Mwalimu, shoti si inavuta mkondo mkubwa sana? Sasa mbona mwasema ati jenereta inakosa mzigo na kukimbia?" (msomaji, Malindi)

Mkondo unapanda kweli, tena vibaya, lakini mkondo si nguvu. Nguvu halisi inataka volti na mkondo viwepo pamoja na viende pamoja. Shoti ya fezi zote tatu ikipiga hapohapo karibu na jenereta, volti pale inaanguka karibu sifuri, na ule mkondo mkubwa unapita kwenye koili za jenereta na transfoma ambazo karibu zote ni riaktansi, kwa hivyo mkondo unachelewa nyuma ya volti ya ndani kwa karibu digrii 90, na wati zinazotoka ni kidogo sana. Wakati huo huku nyuma tabaini au injini haijui kitu, bado inasukuma shafti vilevile ilivyokuwa ikisukuma sekunde moja kabla. Gavana nayo haiwahi, manake kufunga mvuke au mafuta kunachukua muda na sisi hapa twazungumzia sehemu za sekunde. Nguvu inaingia, haitoki, basi ile iliyobaki inaenda kwenye spidi ya rota. Hiyo ndo ikwesheni ya swingi nzima:

(2H/ωs) · d²δ/dt² = Pm − Pe

Pm ni nguvu inayoingia kwa shafti, Pe ni ya umeme inayotoka, δ ni pembe ya rota, yaani rota imetangulia kiasi gani ukilinganisha na gridi inayozunguka kwa spidi ya sinki, ile ya kwenda sambamba, ambayo ndo ωs, na H naieleza kwenye swali linalofuata. Pm na Pe zikiwa sawa pembe inatulia, Pe ikianguka pembe inaanza kukimbia.

"H ni kitu gani, na mbona inapimwa kwa sekunde kama muda?" (fundi, Mokowe)

Chukua nishati iliyo ndani ya rota na tabaini ikizunguka kwa spidi yake ya kawaida, gawa kwa ukubwa wa mashine kwa MVA. Megajuli ni megawati mara sekunde, kwa hivyo ukigawa inabaki sekunde. Tuseme una mashine ya MVA 25, poli nne, mizunguko 1500 kwa dakika, H yake 4. Nishati iliyoko kwenye chuma kinachozunguka ni 25 mara 4, megajuli 100. Maana yake mashine ingeweza kutoa uwezo wake wote kwa sekunde 4 bila kusukumwa na chochote, hadi isimame.

Sasa geuza hiyo megajuli 100 iwe yuniti za tokeni, ni kama 28 tu! Chuma cha tani na tani kinanguruma hadi sakafu inatetema lakini akiba yake nzima ni yuniti 28. Ndo maana shoti haihitaji dakika kuharibu mambo.

Tabaini za mvuke H yake mara nyingi iko kati ya 4 na 9, za maji 2 hadi 4, na seti za dizeli kama zile zilizokuwa zikilisha Lamu kabla laini ya kilovolti 220 haijafika kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, hizo huwa chini zaidi, 1 hadi 2 hivi.

"Naomba hesabu yenyewe kaka, na namba, si maneno. Shoti ikikaa 0.1 sekunde rota iko wapi, ikikaa 0.2 iko wapi?" (mwanafunzi, Malindi)

Haya dadangu, chukua kalamu. Mashine ni hiyohiyo, H ni 4, gridi yetu ni hezi 50. Inabeba Pm ya 0.8 pu, yaani asilimia 80 ya ukubwa wake, na nguvu ya juu kabisa inayoweza kupita hadi kwenye gridi ni 1.6 pu. Kabla ya shoti, 1.6 sin δ lazima iwe 0.8, basi sin δ ni 0.5 na pembe ya kuanzia ni digrii 30.

Shoti inapiga, Pe inakuwa 0. Ukitaka digrii badala ya rediani ikwesheni inageuka hivi:

d²δ/dt² = (180 · f / H) · (Pm − Pe)

180 mara 50 gawa kwa 4 ni 2250, mara 0.8 ni 1800. Rota inapata kasi ya digrii 1800 kwa sekunde, kila sekunde. Kwa sababu Pm haibadiliki na Pe ni sifuri, pembe inafuata

δ = 30 + 900 · t²

Kwa 0.1 unaongeza digrii 9, uko 39. Kwa 0.2 hauongezi 18, unaongeza 36, uko 66. Hapa ndo watu wengi hukosea, wanadhani shoti ya muda mara mbili inasogeza pembe mara mbili, kumbe ni mara nne, muda umepigwa skwea. Zile 0.05 za mwisho zinakula digrii nyingi kuliko 0.1 nzima ya mwanzo, angalia: kutoka 0.2 hadi 0.25 pembe inaruka kutoka 66 hadi 86, digrii 20.

Na jambo dogo ila uliweke akilini, hizo ni digrii za umeme. Mashine ya poli nne, shafti yenyewe imesogea nusu yake, kwa hivyo digrii 9 za umeme ni 4.5 za chuma. Ungekuwa umesimama pale usingeona kitu.

"Shoti ikishakatwa na brekaa si mambo yamekwisha? Mbona kwenye grafu pembe inaendelea kupanda?" (msomaji, Watamu)

Kwa sababu ulichokiondoa ni ile nguvu ya kuongeza kasi, spidi yenyewe hujaiondoa. Kwenye mfano wetu, shoti ikikatwa 0.1, rota wakati huo inapita gridi kwa digrii 180 kwa sekunde, yaani inazunguka kama hezi 50.5 huku gridi iko 50. Haiwezi kuwa 50 papo hapo. Sasa Pe imerudi na kwa pembe ya 39 iko 1.6 mara sin 39, kama 1.0, ambayo imezidi 0.8 kidogo, na hiyo ziada ndo breki pekee uliyonayo. Rota inaendelea kupanda huku inapunguzwa, inafika karibu digrii 57 na nusu, hapo spidi imelingana na ya gridi, halafu inaanza kurudi nyuma. Itabembea mara kadhaa na itatulia.

Ukikata 0.2, inapanda hadi kama 104 kabla haijarudi. Bado iko salama, ijapokuwa imepita 90. Nalisema hili kwa makusudi kwa vile kuna wanaofundisha kwamba ikipita 90 imekwisha, si kweli, wakati wa mbembeo kikomo kiko upande wa pili, kwetu sisi 180 toa 30, digrii 150. Kabla ya 150 Pe bado iko juu ya Pm na breki ingali inafanya kazi. Ikivuka 150 ingali na spidi, Pe inakuwa chini ya Pm, breki inageuka kuwa msukumo na rota haikamatiki tena.

Ukilinganisha nishati iliyoingia wakati wa shoti na breki iliyobaki hadi 150, unapata pembe ya mwisho ya kukata:

cos δcr = (π − 2δ₀) · sin δ₀ − cos δ₀

δ₀ ni ile pembe ya kuanzia, digrii 30, iweke kwa rediani pale penye π. Inatoka kama digrii 79.6. Rudi kwenye 30 + 900t², muda ni sekunde 0.235. Rilei nzuri na brekaa nzuri zikishirikiana zinakata ndani ya 0.1 au chini, kwa hivyo una nafasi. Lakini brekaa ikikwama, ile rilei ya bekapu inasubiri kwanza kuhakikisha kweli imekwama ndo iamrishe brekaa za jirani, na ikiongeza 0.15 tu umefika 0.25. Pembe iko 86, mashine imepotea. Mimi kwa maoni yangu hapa ndo pa kuangaliwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kipime kile kicheleweshi cha bekapu ukilinganishe na muda wa mwisho wa mashine yako.

"Kwa hivyo tukiweka flaiwili kubwa H iwe mara mbili, tunapata muda mara mbili?" (fundi, Lamu)

Hapana, unapata mara 1.41 tu. Pembe ya mwisho haibadiliki na H, angalia ile formula haina H ndani, kinachobadilika ni kasi ya kuifikia, na muda ni skwea ruti. Na upande wa kupungua ni vilevile, H ikiwa 2 badala ya 4, 0.235 inashuka hadi 0.166. Kwa 1, inashuka hadi 0.117, hapo hata brekaa iliyo nzima ikichelewa kidogo una shida.

"Na ile sola ya Langobaya, H yake ngapi?" (msomaji, Malindi)

Sifuri. Paneli na inveta hazina rota ya kukimbia, kwa hivyo haina δ ya aina hii. Ila ikiingia kwenye gridi na mashine ya kuzunguka ikazimwa kuipisha, chuma kinachozunguka kwa jumla kinapungua na masafa yanabadilika haraka zaidi mtambo mkubwa ukitoka.

"Huku kwetu chumvi ya bahari inajaa kwenye vikombe, shoti nyingi ni za fezi moja kwa nguzo. Hesabu zako za fezi tatu zatufaa?" (fundi wa laini, Lamu)

Swali zuri sana hili kakangu. Vikombe vinavyoshika waya kwa nguzo vikijaa chumvi halafu umande wa alfajiri ukaingia, cheche inaruka na mara nyingi ni fezi moja. Hapo fezi mbili zingali zinapeleka nguvu, Pe haiwi sifuri. Tuseme inabaki 0.5 kwenye mfano wetu (kiasi hicho kinategemea ardhi na transfoma zako, na chenyewe hubadilika pembe ikisogea), tofauti ni 0.3 badala ya 0.8, kasi inaanza na digrii 675 badala ya 1800, una muda zaidi kabisa. Fezi tatu twaitumia kwa sababu ndo mbaya kuliko zote, ukipona hiyo umepona nyingine.

Lakini kuna upande ambao hesabu yangu imekuwa nyepesi kuliko hali ilivyo. Nimeacha ile 1.6 irudi yote baada ya shoti, yaani laini yote imerudi. Kama laini zilikuwa mbili na moja imekatwa, ile 1.6 inashuka, breki inapungua na 0.235 inakuwa ndogo zaidi. Tena nimechukulia Pm na volti ya ndani hazitikisiki, hilo ni sawa kwa mbembeo wa kwanza, kama sekunde moja, baada ya hapo gavana na AVR, ile inayorekebisha volti ya jenereta, zimeshaingia na lazima uziweke kwenye hesabu.

Na ukiwa kwenye paneli mashine ikatoka sinki kweli utaijua, sindano ya megawati inavuka sifuri inarudi inavuka tena, mkondo unapanda na kushuka kwa mpigo, volti nayo inanyong'onyea kwa mpigo uleule na ngurumo ya mashine inabadilika. Sindano ikibembea na kila mara mbembeo ukawa mdogo, hata kama mwanzo iligusa upande wa pili wa sifuri, hiyo inatulia, usiiguse. Ikivuka sifuri tena na tena bila kupungua, toa brekaa ya jenereta kama rilei haijaitoa, manake kila rota ikiruka poli moja shafti na koili zinapigwa upya.